Nina vyeti kumi na moja, faili moja limenishinda

Shikamoo Mwalimu,

Nilihitimu shahada ya uchumi mwaka 2022, na tangu hapo nasoma kozi za mtandaoni huku nikisubiri kazi. Mpaka sasa nina vyeti kumi na moja: uchambuzi wa data, Excel ya juu, Power BI, utangulizi wa Python, usimamizi wa miradi, hata masoko ya kidijitali. Vyote nimeviorodhesha kwenye wasifu wangu.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa data katika shirika moja. Nikapewa kompyuta, faili la Excel lenye orodha ya wagonjwa wa zahanati kadhaa, na saa moja. Walitaka idadi ya waliohudumiwa kwa kila kata, mwezi kwa mwezi. Nikaona kata ileile inajitokeza mara mbili, miezi mingine watu wachache mno, na jumla hailingani. Saa ikaisha bado natafuta kosa liko wapi.

Sasa kaka yangu yuko tayari kunilipia kozi ya miezi sita ya SQL na Python, shilingi 650,000, yenye cheti mwishoni. Naogopa kitakuwa cha kumi na mbili tu. Nitajuaje kama kozi inafaa kabla fedha haijatoka? Na hivi nilivyonavyo nivifanyeje?

Mwenye Vyeti, Mwanza

*

Marahaba, binti.

Nianze na lile faili, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta.

Kata kujitokeza mara mbili ni dalili ya kawaida sana. Karani wa zahanati moja kaandika "Nyegezi". Wa zahanati nyingine kaandika "Nyegezi" halafu akagusa kitufe cha nafasi kabla ya kuhamia kisanduku kinachofuata. Kwa macho ni neno lilelile. Excel inapopanga makundi haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini ile nafasi tupu ya mwisho inaihesabu, na kata moja inageuka mbili. Dawa yake ni fomula fupi kwenye safu mpya, kisha unafanya hesabu kwa safu hiyo badala ya ile ya zamani:

```
=TRIM(A2)
```

Miezi yenye watu wachache mno ni jambo la tarehe, na hili ni baya zaidi kwa sababu linajificha. Sisi tunaanza na siku, lakini kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele. Karani akiandika 04/03/2024 akimaanisha tarehe 4 Machi, kompyuta hiyo inaipokea kimya kimya kuwa tarehe 3 Aprili. Akiandika 25/03/2024, inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, na inaacha maandishi yalivyo bila kuyafanya tarehe. Kwa hiyo siku za 1 hadi 12 zinahamia miezi isiyo yao, na kuanzia siku ya 13 hazihesabiwi kwenye mwezi wowote. Utalitambua kwa mambo mawili. Tarehe halisi huegemea kulia kwenye kisanduku, maandishi huegemea kushoto, ilimradi hakuna aliyebadili mpangilio kwa mkono. Na ukiangalia zile zilizokubaliwa kuwa tarehe, siku yake haizidi 12 hata mara moja, jambo ambalo haliwezekani kwenye orodha ya wagonjwa wa mwaka mzima. Hapo unageuza siku na mwezi kwa zilizopinda:

```
=DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2))
```

Zile zilizobaki maandishi unazitengeneza kando, kwa Text to Columns ukichagua DMY. Mtu aliyewahi kukutana na balaa hili mara moja hulimaliza kwa dakika ishirini. Aliyekaa usaili na wewe akapata kazi, yawezekana kabisa ana vyeti viwili tu, au hana hata kimoja, ila amewahi kuchapa na kusafisha daftari la kituo cha afya.

Sasa jiulize kwa nini kozi kumi na moja hazikukufikisha hapo. Mwalimu wa video anataka somo lake la dakika nane liende bila kukwama, hivyo data anazokupa amekwisha kuzisafisha. Anakuambia ufungue faili gani, ushike safu ipi, uandike fomula ipi, na jibu litokee lipi. Wewe unabofya pale anapobofya. Maamuzi yote kayafanya yeye, na kazi ya afisa data ni hayo maamuzi: hapa pana kosa, kosa lenyewe ni la namna gani, nalirekebisha vipi, na nitajuaje kwamba nimelirekebisha.

Kuna utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ambao ningependa kila mnunuzi wa kozi aujue. Wanafunzi wa kundi moja walisoma kifungu mara nne. Kundi jingine walikisoma mara moja, kisha mara tatu wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wao walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Cha ajabu ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Kuangalia video, tena kwa spidi ya moja na nusu kama wengi wenu mnavyofanya, ni ndugu wa kule kusoma mara nne. Unapomaliza, somo ni bichi kichwani, chemsha bongo inakuja palepale, unapata asilimia 90, na cheti kinatoka katika ile dakika ya tano.

Kwa hiyo ukitaka kuipima kozi kabla ya kulipa, usianze na jina la chuo, wala idadi ya nyota, wala orodha ya mada. Orodha za mada zinafanana zote. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoeleza wanafunzi wanapimwaje, na utafute jambo moja: nani anasahihisha, na anasahihisha nini.

Kozi nyingi za Udemy hazisahihishi chochote; ukifika mwisho wa video zote, cheti kinatoka. Haina maana kwamba ni mbaya, nyingine zinafundisha vizuri sana, ila cheti chake kinathibitisha kwamba video zilifika mwisho, basi. Kozi nyingi za Coursera zina maswali ya kuchagua ambayo unaweza kuyarudia hadi upite, na baadhi zina kazi zinazosahihishwa na wanafunzi wenzako, ambao nao wana haraka ya kumaliza na mara nyingi hutoa alama bila kufungua faili. Kisha kuna zile ambazo kompyuta yenyewe inaendesha ulichoandika na kukataa kama jibu si sahihi. Hapo huwezi kubahatisha, unakaa nacho usiku kucha mpaka kikubali. Za thamani zaidi ni zile ambazo mtu mwenye kazi hiyo anasoma ulichotengeneza na kukirudisha na maneno pembeni, ndiyo maana ni ghali na ni chache.

Kundi jingine lipo peke yake: mitihani inayofanyika chini ya usimamizi, kwa kitambulisho, bila video ya kukuongoza. Mtihani wa CCNA wa Cisco kwa watu wa mitandao ya kompyuta unachukua dakika 120, na cheti chake kinaisha muda baada ya miaka 3 usipokihuisha. CPA ya NBAA kwa wahasibu wetu ni habari hiyohiyo. Vyeti vya namna hii mwajiri anavitaja kwenye tangazo kwa jina, na kama fani yako inavidai huna pa kukwepea, hata ukiwa hodari kiasi gani. Pima kwa kusoma matangazo halisi ya kazi unayoitaka: cheti kinachotajwa humo kwa jina ni sharti la mlangoni, kisichotajwa popote ni pambo. Na kwa nafasi za serikali, kozi ya wiki sita haishiki nafasi ya shahada au stashahada inayotambuliwa na TCU au NACTVET, tangazo la mtandaoni lisemavyo vyovyote.

Basi na kozi ya kaka. Kabla hujaijibu hiyo, kuna zoezi nataka ufanye, halina ada. Tenga alasiri moja, bila video yoyote. Msaada uliomo ndani ya Excel unaruhusiwa, maana hata kazini upo. Nenda tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, utafute ripoti ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, uchukue idadi ya watu kwa mkoa kutoka kila moja. Swali ni hili: kila mkoa uliongezeka kwa asilimia ngapi kwa mwaka kati ya sensa hizo mbili, na ni mikoa ipi inakua kwa kasi zaidi?

Nimelichagua kwa sababu lina majibu ya kujisahihisha. Jumla ya nchi mwaka 2012 ni watu 44,928,923, na mwaka 2022 ni 61,741,120. Ukinakili mikoa yote na jumla yako isifike hapo, umeacha mstari au umechapa vibaya, na hakuna haja ya mtu kukuambia.

Kisha hesabu ya kasi. Ongezeko lote ni asilimia 37.4. Wengi wanagawa kwa kumi, wanapata 3.7, na wanaendelea kwa amani. Lakini kiwango rasmi ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Tofauti inatokana na kwamba watu wa mwaka wa kwanza nao wanazaa mwaka wa pili. Ongezeko linajijenga juu ya ongezeko, kama riba ya benki. Wewe ni mchumi, umelisoma hili chuoni. Kama 2012 iko safu B na 2022 iko safu C, fomula ni hii:

```
=(C2/B2)^(1/10)-1
```

Si kosa dogo la desimali. Ukitumia ile ya kugawa kwa kumi kukadiria idadi ya watu ya 2032, utaizidishia nchi zaidi ya watu milioni 4. Mtu anayepanga madawati au chanjo kwa namba hiyo ataingia hasara ya kweli.

Sasa fika Mbeya. Ukiweka Mbeya ya ripoti ya 2012, zaidi kidogo ya watu milioni 2.7, kando ya Mbeya ya 2022, watu milioni 2.3, fomula itakuambia kwamba mkoa unapungua kwa asilimia 1.4 hivi kila mwaka. Mkoa wenye Jiji la Mbeya na mashamba ya Mbarali, unapungua? Hapa ndipo ninapowatofautisha watu kwenye usaili. Kuna anayeandika "Mbeya imepungua" na kuendelea na mkoa unaofuata. Kuna anayesimama. Anayesimama anarudi kuhesabu mistari: jedwali la 2012 lina mikoa 30, la 2022 lina 31. Mmoja umezaliwa katikati. Ni Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na 2022 ulikuwa na watu milioni 1.3 na ushee. Ukiijumlisha na Mbeya, eneo lilelile la zamani linakua kwa asilimia 3.1 kwa mwaka, karibu sawa na nchi nzima. Ukikutana na jedwali la NBS ambalo 2012 imeshapangwa upya kwa mipaka mipya, mtego hautauona, kwa hiyo hakikisha unachukua ripoti ya asili ya 2012.

Mwisho, andika nusu ukurasa kwa Kiswahili, kwa ofisa mipango asiyejua Excel, ukieleza ulichokiona na kwa nini Mbeya na Songwe umeziweka pamoja.

Pale utakapokwama ndipo patakapokuambia ununue nini. Ukikwama kwenye kuoanisha majedwali mawili ambayo mikoa haijapangwa kwa mfuatano mmoja, unahitaji saa chache za `XLOOKUP` au `VLOOKUP`, siyo miezi sita. Ukikwama kwenye ile kanuni ya kasi, rudi kwenye madaftari yako ya uchumi, yamo. Ukipita Mbeya bila kushtuka, sijaona kozi ya kuuza inayotibu hilo. Dawa ni kushika data za watu na mahali unapopafahamu, tena na tena, na kujizoeza kuuliza kama namba inafanana na dunia unayoiona. Na ukishindwa ile nusu ukurasa, basi tatizo lako ni kueleza, na Python haitakusaidia hata kidogo.

SQL yenyewe ni chaguo zuri kwako, siipingi. Ila ujue makosa yanakufuata. Ukiunganisha jedwali la wagonjwa na jedwali la kata kwa `JOIN`, "Nyegezi" yenye nafasi tupu inaweza kukosa mwenzake, na wagonjwa wake wakatoweka kwenye jibu bila onyo lolote. Ndiyo maana wazoefu huhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Kozi ya SQL isiyokupa jedwali chafu la namna hiyo itakuachia palepale ulipo, ila kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo waandikie hao wa shilingi 650,000, kabla hata ya kaka kutuma chochote. Omba wakuonyeshe maelekezo ya kazi ya mwisho ya kozi, yaani lile swali lenyewe. Ukikuta hatua zilizopangwa moja hadi kumi na tano na picha za skrini, ni kufuata mkono tena. Ukikuta swali la sentensi mbili na data ambazo hazijasafishwa, hiyo ni kazi. Omba pia kuona kazi ya mwanafunzi aliyemaliza, pamoja na maoni aliyorudishiwa, jina likifichwa. Uliza anayesahihisha ana wanafunzi wangapi na anarudisha baada ya siku ngapi. Masomo ya SQL kwa video yamejaa bure. Kitu pekee ambacho kina haki ya kugharimu kiasi hicho ni mtu anayesoma kazi yako kwa makini. Wakikujibu kwa picha ya cheti na ujumbe kwamba punguzo linaisha Ijumaa, umeshapata jibu.

Wakati unasubiri majibu yao, anza kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard iitwayo CS50's Introduction to Databases with SQL. Ni bure, na kazi zake zinakaguliwa na programu inayoendesha ulichoandika, kisha mwishoni unabuni mradi wako mwenyewe. Cheti cha CS50 chenyewe nacho ni bure. Ada ni kwa anayetaka kile kilichothibitishwa kupitia edX, na sioni kwa nini wewe ukitake. Fanya kazi za wiki mbili za mwanzo peke yako, bila kutafuta majibu ya wenzako mtandaoni, maana yapo na yanapatikana kirahisi mno. Ukizimaliza, huenda ukaona huhitaji mwalimu wa kulipia mpaka mbele zaidi. Ukizishindwa kwa sababu ya upweke tu, kwamba ukikwama huna wa kumuuliza, hapo ndipo fedha ya kaka ina kazi, na utajua kwamba unanunua msahihishaji.

Kuhusu vile kumi na moja: kwenye wasifu acha viwili vinavyogusa kazi unayoomba, vingine vitoe. Masoko ya kidijitali kwenye ombi la afisa data humfanya msomaji ahisi hujui unachotaka. Nafasi iliyobaki andika mstari mmoja unaosema umelinganisha sensa mbili kwa mikoa ukizingatia mabadiliko ya mipaka, na uweke kiungo cha jedwali na ile nusu ukurasa. Mimi nikiwa kwenye jopo, mstari huo nitauulizia kabla ya vyeti vyote, na wewe utakuwa na la kujibu kwa dakika kumi.

Faili za vyeti vyenyewe usizifute. Kozi ya Excel na ya Power BI umeshazilipia kwa muda wako. Zifungue tena, lakini safari hii ukiwa na data zako, na usimamishe video kila kabla mwalimu hajabofya, ujiulize wewe ungefanya nini.

Kaka mwambie ashikilie fedha kwa sasa, akusaidie bando tu. Na ile nusu ukurasa ya sensa ukimaliza, nitumie niisome. Jedwali si lazima.